Nywele kumi na moja katika tundu moja: uchambuzi wa kisa cha folikulitisi dekalvansi

Mwanamume wa miaka 34 alifika kliniki ya magonjwa ya ngozi akiwa amenyoa kichwa chote kwa wembe asubuhi hiyohiyo, kwa heshima ya daktari, ili sehemu inayomsumbua ionekane vizuri. Kumbe kwa kunyoa alikuwa ameondoa dalili ambayo ingemwambia daktari mengi kwa mtazamo mmoja. Kisa chake nimekisuka kutokana na wagonjwa kadhaa wa folikulitisi dekalvansi, ugonjwa wa vinyweleo vya kichwa unaoacha kipara cha kovu, ili asitambulike mtu yeyote, lakini hatua, vipimo na dawa ni zile zinazotumika katika kazi ya kila siku.

Maelezo yake yalianza miaka mitatu nyuma. Kwanza yalitokea mawasho utosini, kisha vipele vidogo vyenye usaha, ambavyo vilipopasuka viliacha vigaga vya manjano. Kadiri miezi ilivyopita, katikati ya vipele hivyo palibaki baka laini lisilo na nywele, na vipele vipya vikawa vinatokea pembezoni mwa baka hilo, kamwe si katikati yake. Usiku alihisi kichwa kikichoma, na mto ulipata madoa. Hakuna mtu mwingine nyumbani aliyewahi kupata hali hiyo.

Alikwisha kutibiwa mara sita katika sehemu mbalimbali. Mara moja aliambiwa ni mapunye akanywa griseofulvini kwa wiki sita bila kuona badiliko. Mara nne alipewa antibiotiki za siku saba kwa kudhaniwa kuwa ana majipu madogo ya kawaida ya kwenye vinyweleo, na mara moja alipewa krimu ya steroidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila antibiotiki ilimsaidia. Usaha ulikauka ndani ya siku chache, maumivu yakapungua, naye akaamini amepona, halafu baada ya wiki mbili au tatu vipele vikarudi. Nafuu hiyo fupi ndiyo iliyopoteza miaka mitatu, kwa sababu kila aliyemtibu alichukulia kwamba dawa ilikuwa sahihi na kwamba mgonjwa ameambukizwa upya, labda kwa wembe wa kinyozi, ilhali ulikuwa ugonjwa uleule ambao haukuwa umeondoka hata siku moja.

Kilichoonekana

Kwa macho tu, utosi ulikuwa na baka la sentimita 5 kwa 4, jeupe kidogo kuliko ngozi inayolizunguka, linalong'aa na lisilo na hata alama ya tundu la unyweleo. Ukingo wake ulikuwa mwekundu uliokoza, wenye vigaga na vipele 14 vya usaha. Kisogo hakikuwa na uvimbe mgumu wowote, na hakuna mahali ambapo kubonyeza kulitoa usaha kupitia uvimbe mwingine wa jirani.

Tulipotumia dermatoskopu, yaani lenzi yenye taa inayokuza ngozi takribani mara kumi, picha ilibadilika. Ingawa nywele zilikuwa zimenyolewa, visiki vyake vilionekana vimejikusanya. Kwa kawaida tundu moja la ngozi ya kichwa hutoa unywele mmoja hadi mitatu, pengine minne. Pembezoni mwa baka la mgonjwa huyu tulihesabu visiki sita katika tundu moja, vinane katika jingine, na kumi na moja katika tundu lililokuwa limepanuka kama mdomo wa mtungi. Kila kundi lilizungukwa na gamba la manjano lililopanda juu ya nywele kama mkono wa shati. Tulimwomba asinyoe tena kwa wiki tatu, na aliporudi, vishungi vilionekana hata bila lenzi: nywele zimesimama pamoja kama bua za brashi, na kati ya kishungi na kishungi ngozi ni tupu.

Inafaa kueleza kishungi hutokeaje, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mzizi mmoja umeanza kuotesha nywele nyingi. Sivyo. Chini ndani ya ngozi, kila unywele bado una mzizi wake. Kinachoharibika ni sehemu ya juu ya vinyweleo vilivyo jirani: uvimbe unaosababishwa na seli nyeupe za damu humomonyoa kuta za mifereji yao karibu na uso wa ngozi, kovu linaziba pengo na kuvivuta pamoja, na mwishowe vinyweleo vitano, kumi au zaidi vinatokea kwenye mlango mmoja. Nywele zilizokwisha kufa, ambazo zingeanguka zenyewe, nazo hunaswa humo na kuongeza idadi. Kwa hiyo kishungi ni kovu lenye nywele. Kinapoonekana, uharibifu wa mahali hapo umekwisha kutokea, na mara nyingi hatua inayofuata ni nywele hizo nazo kupotea na baka kupanuka.

Hata hivyo kishungi peke yake hakitoshi kutaja jina la ugonjwa. Vishungi huonekana pia katika makovu magumu ya kisogoni yanayofuata vipele vya baada ya kunyoa, katika ugonjwa wa majipu yanayounganishwa na mifereji ya usaha chini ya ngozi ya kichwa, na hata katika mapunye makali yaliyoachwa muda mrefu. Ndiyo maana kisogo kisicho na uvimbe na ukosefu wa mifereji ya usaha vilikuwa na uzito katika uchunguzi huu kama vishungi vyenyewe. Hapa mtu asiyeyaona maradhi haya mara kwa mara huteleza kwa urahisi, na simlaumu, kwa sababu kila dalili moja moja inafanana na ya ugonjwa mwingine ulio wa kawaida zaidi.

Vipimo vitatu na namna ya kuvichukua

Kwanza tulikwangua magamba na kung'oa nywele chache kutoka ukingoni kwa ajili ya kutafuta fangasi, kwa hadubini na kwa kuotesha. Mapunye kwa mtu mzima si ya kawaida, lakini huwezi kuyaondoa kwa kukisia, hasa kwa mtu aliyekwisha kupakwa steroidi, kwani steroidi hubadilisha sura ya fangasi. Hayakupatikana.

Pili tulichukua usaha. Hapa njia ina maana: pamba iliyopitishwa juu ya kigaga huokota bakteria wa kawaida wa ngozi na kuleta majibu yasiyosaidia. Tulichagua kipele ambacho hakijapasuka, tukasafisha juu yake, tukakitoboa kwa sindano safi na kuchukua usaha wa ndani. Tulichukua pia sampuli kutoka puani. Sehemu zote mbili ziliotesha stafilokokasi aureasi, na maabara ikaeleza ni dawa zipi zinazomuua.

Jibu hilo linaweza kupotosha kama halijafafanuliwa. Bakteria huyu hukaa puani mwa watu wengi wasio na ugonjwa wowote, takribani mtu mmoja kati ya watatu. Iwapo yeye peke yake angekuwa chanzo, maradhi haya yangekuwa ya kawaida na antibiotiki ya wiki moja ingeyamaliza. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kwa baadhi ya watu kinga ya mwili huitikia bakteria huyu, au sumu zake, kwa ukali usio na kiasi, na kwamba ukali huo ndio unaoangamiza kinyweleo. Pia bakteria huweza kujificha ndani ya kinyweleo chini ya utando wanaoujenga wenyewe, mahali ambapo dawa ya siku chache haiwafikii. Mkewe aliyemsindikiza aliuliza, "Daktari, je, mimi na watoto tutaambukizwa?" Tulimjibu kwamba ugonjwa wenyewe hauambukizi, hata kama bakteria huyo angehamia puani mwake, hangempa kipara.

Kipimo cha tatu, na ndicho kilichothibitisha, kilikuwa biopsi. Tulichukua vipande viwili vya ngozi kwa kisu cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 4, kwa kufuata mwelekeo wa nywele na kwa kina cha kufikia mafuta yaliyo chini ya ngozi, kwa kuwa ndiko mizizi iliko. Mahali pa kuchukulia ndipo makosa mengi hutokea. Anayekata katikati ya baka, kwa sababu ndipo panapoonekana pabaya zaidi, hupata kovu tupu na mtaalamu wa patholojia huandika "kovu", jibu ambalo kila mtu alikwisha kulijua. Sisi tulikata ukingoni, kwenye wekundu, mahali ambapo nywele bado zipo. Kipande kimoja maabara ilikikata wima na kingine kwa ulalo. Mkato wa ulalo huonyesha vinyweleo vingi kwa mara moja na kuonyesha vilivyoungana.

Majibu yalieleza seli nyeupe aina ya nyutrofili zimejaa sehemu ya juu ya vinyweleo, zikichanganyika na limfosaiti na seli za plazma, vinyweleo vitano vikishiriki mlango mmoja, tezi za mafuta zimetoweka katika sehemu zilizoathirika, na kovu limeanza kuvizunguka. Rangi maalumu ya kutafuta fangasi haikuonyesha kitu. Tukaandika folikulitisi dekalvansi, ugonjwa uliokwisha kuelezwa tangu mwaka 1888 na daktari Mfaransa Quinquaud, na ambao leo umewekwa katika kundi la vipara vya kovu vinavyoletwa na nyutrofili. Huwapata zaidi vijana na watu wa makamo, wanaume na wanawake.

Matibabu na sababu ya kuhitaji bingwa

Kabla ya kuandika dawa tulimweleza lengo, na mazungumzo hayo yalikuwa magumu kuliko biopsi. Sehemu iliyokwisha kuwa laini haitaota nywele tena, kwa sababu vinyweleo vyake havipo. Tunachotibu ni ukingo. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo mapema huacha dawa mwezi wa pili, akiona kipara hakijajaa, ilhali dawa inafanya kazi yake barabara. Ili tusitegemee hisia, tulipima baka kwa rula katika pande mbili, tukapiga picha kwa umbali uleule na mwanga uleule, na kuhesabu vipele vya usaha kila alipokuja.

Tulianza na doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi mitatu. Dawa hii hupunguza bakteria na pia hutuliza uvimbe. Pamoja nayo alipaka mupirosini puani kwa siku tano na mafuta ya asidi ya fusidi kwenye ukingo kwa muda mfupi. Mwishoni mwa mwezi wa tatu vipele vilikuwa vimeshuka kutoka 14 hadi 5, mawasho yamepungua, lakini ukingo bado mwekundu na baka limefika sentimita 5.3 kwa 4.2. Kwa mtu anayehesabu usaha tu, hiyo ni nafuu. Kwa anayepima baka, ugonjwa bado unakula nywele. Wiki tatu baada ya kumaliza dozi, vipele vilikuwa tisa.

Hapo tulihamia kwenye rifampisini miligramu 300 pamoja na klindamaisini miligramu 300, zote mara mbili kwa siku kwa wiki kumi. Mchanganyiko huu ulipata nguvu baada ya madaktari kuchapisha, mwaka 1999, habari za wagonjwa 18: kumi kati yao walitulia baada ya mkupuo mmoja bila ugonjwa kurudi katika muda waliofuatiliwa, na idadi ikafika 15 baada ya mikupuo miwili au mitatu. Wagonjwa 18 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, lakini kwa ugonjwa adimu kama huu ushahidi mwingi ni wa namna hiyo.

Ni katika dawa hizi mbili ndipo sababu ya kuhitaji bingwa inapodhihirika. Rifampisini ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu. Ikitolewa peke yake kwa ajili ya kichwa, bakteria huizoea haraka, ndiyo maana haiandikwi bila mwenzake. Na ikitolewa kwa mtu mwenye kifua kikuu kilichojificha mapafuni, humtengenezea usugu wa dawa atakayoihitaji kuokoa maisha. Kwa hiyo mgonjwa wetu alihojiwa kuhusu kikohozi, homa na kupungua uzito, akapigwa eksirei ya kifua, na akapimwa ini kabla ya kidonge cha kwanza na tena baada ya wiki nne. Rifampisini pia huharakisha ini kuvunja dawa nyingine: vidonge vya uzazi wa mpango hupoteza nguvu, vivyo hivyo dawa za kuzuia damu kuganda na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Alipimwa virusi hivyo pamoja na sukari, na vyote havikuwepo. Tulimtahadharisha kwamba mkojo na machozi vitakuwa na rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara ila huwatisha wasioambiwa. Kuhusu klindamaisini, onyo lilikuwa moja: akiharisha sana aache kutumia dawa na aje siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa hii inaweza kufungua njia kwa bakteria anayeleta ugonjwa mkali wa utumbo. Hakuna lolote kati ya haya linalowezekana kwa mtu anayenunua dozi dukani kwa kukumbuka jina aliloambiwa na mwenzake.

Sambamba na vidonge, kila baada ya wiki sita tulichoma sindano ndogondogo za trayamsinoloni yenye miligramu 10 kwa kila mililita, tone la mililita 0.1 kwa kila nukta kuzunguka ukingo. Steroidi hiyo huzima uvimbe mahali penyewe. Ikizidi, hukondesha ngozi na kuacha shimo, kwa hiyo haichomwi katikati ya baka ambako ngozi imekwisha kukonda. Hii ni tofauti kabisa na ile krimu aliyopewa zamani, ambayo ilipakwa juu ya usaha bila chochote cha kuwazuia bakteria.

Mwishoni mwa wiki kumi hapakuwa na kipele hata kimoja. Baka lilipimwa sentimita 5.4 kwa 4.3. Vishungi, hata hivyo, vilikuwapo vilevile, na mgonjwa alisononeka. "Sasa mbona hizi bado zimeshikana?" aliuliza huku akivigusa. Swali lake lilikuwa la haki. Milango iliyoungana kwa kovu haiachani, hivyo kishungi hubaki hata ugonjwa ukiwa umelala. Ukali wa ugonjwa husomwa katika wekundu, usaha, magamba mapya, maumivu na upana wa baka. Alikiri kwamba alikuwa akiving'oa kwa kibanio, akidhani anaondoa uchafu uliobaki. Tulimkataza, kwa sababu kila kinyweleo kinachojeruhiwa hapo ni mwaliko wa vipele vipya. Kunyoa kwa wembe tulikuzuia pia, ila kupunguza kwa mashine bila kugusa ngozi hakuna tatizo.

Miezi mitano ilipita kimya. Kisha vipele vitatu vikatokea upande wa kushoto wa ukingo. Safari hii alikuja ndani ya siku nne badala ya kusubiri, akiwa hajanyoa. Tulichukua usaha upya kabla ya dawa yoyote, maana baada ya mkupuo wa kwanza bakteria angeweza kuwa sugu, lakini dawa zote mbili bado zilimuua. Tulilinganisha njia mbili: kurudia dawa zilezile, au kuanza isotretinoini, kidonge cha jamii ya vitamini A. Isotretinoini imewatuliza baadhi ya wagonjwa kwa muda mrefu, lakini hukausha ngozi na macho, hudai kupimwa ini na mafuta ya damu, haichanganywi na dawa za jamii ya doksisaiklini kwa hofu ya shinikizo ndani ya fuvu, na kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ni hatari kubwa kwa mtoto. Kwake hilo la mwisho halikuhusika. Hata hivyo kwa kuwa mkupuo wa kwanza ulimfaa na bakteria hakuwa sugu, tulikubaliana kurudia wiki kumi zilezile baada ya kupima ini tena, na kuiweka isotretinoini akiba. Dapsoni nayo ipo, ila lazima kwanza ipimwe hali ya kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu zisivunjike.

Baada ya mkupuo wa pili aliuliza kuhusu kupandikiza nywele, kwa kuwa alikwisha kuona picha za watu waliopandikizwa. Tulimweleza kwamba kupandikiza kwenye kovu lenye ugonjwa ulio hai ni kupanda mbegu juu ya moto: majeraha huweza kuuamsha ugonjwa, na nywele zilizopandwa hufa. Huanza kufikiriwa baada ya miaka ya utulivu bila dawa, na hata hapo nywele hushika kwa uhafifu zaidi kuliko katika ngozi isiyo na kovu. Tulimwonyesha pia jambo moja la kuangalia mwenyewe: kidonda kisichofunga, au uvimbe mgumu unaokua juu ya kovu, usihesabiwe kuwa kipele kingine, kwa sababu katika makovu ya miaka mingi imewahi kutokea, ingawa ni nadra, saratani ya ngozi.

Katika ziara ya mwezi wa ishirini tangu siku ya kwanza, ukingo ulikuwa na rangi ya ngozi ya kawaida, hapakuwa na usaha, na lenzi haikuonyesha gamba jipya kuzunguka vishungi. Rula ilisoma sentimita 5.4 kwa 4.3, sawasawa na ilivyosoma mwishoni mwa zile wiki kumi za kwanza. Tukamwandikia arudi baada ya miezi mitatu, au ndani ya wiki moja iwapo kipele kimoja tu kitatokea, na asinunue dawa yoyote njiani.